Hundi moja, makato sita: jinsi ya kusoma taarifa ya akaunti baada ya hundi kudunda

*Kaka, nina duka la vifaa vya shule hapa Busia. Mwezi wa pili niliandika hundi ya shilingi 3,400,000 kwa muuzaji wa jumla wa Nasser Road, Kampala, nikijua akaunti ina 3,500,000. Ikadunda, tena mara mbili. Sasa kwenye taarifa ya akaunti naona nimekatwa mara sita, jumla 241,500, na ile 3,400,000 inaonekana imetoka ikarudi. Hundi ni moja tu. Makato sita yametoka wapi? Hundi yenyewe bado anayo, na akaunti sijaigusa tangu hapo.*

Dada, makato manne kati ya hayo sita yametokana na hundi. Mawili ya mwisho yangekatwa hata kama usingeandika hundi yoyote mwezi ule. Na hayo manne nayo yanatokana na matukio mawili: tarehe 10 hundi ilifika kwenye benki yako ikakataliwa, na tarehe 13 ikafika tena ikakataliwa tena. Kila mara benki ilitoza ada yake, na juu ya ada hiyo ikakata ushuru wa serikali. Hapa chini nimeweka mistari uliyonitumia kama ilivyo. DR ni fedha iliyotoka, CR ni fedha iliyoingia.

```
09 FEB  CHQ DEP               1,200,000 CR
10 FEB  INW CLG CHQ 000214    3,400,000 DR
10 FEB  UNPAID CHQ 000214     3,400,000 CR
10 FEB  UNPAID CHQ CHG          100,000 DR
10 FEB  EXCISE DUTY              15,000 DR
13 FEB  INW CLG CHQ 000214    3,400,000 DR
13 FEB  UNPAID CHQ 000214     3,400,000 CR
13 FEB  UNPAID CHQ CHG          100,000 DR
13 FEB  EXCISE DUTY              15,000 DR
28 FEB  LEDGER FEE               10,000 DR
28 FEB  EXCISE DUTY               1,500 DR
```

Tuanze na ile 3,400,000 inayotoka na kurudi, maana ndiyo inayowatisha watu wengi kuliko kitu kingine chochote kwenye karatasi hii. Hayo si makato. Muuzaji wako alipoipeleka hundi kwenye benki yake, benki hiyo iliipiga picha, na picha ndiyo iliyosafiri kupitia mfumo wa Benki Kuu ya Uganda wa kubadilishana hundi hadi benki yako. Ikifika, kompyuta ya benki yako huiandika kwanza kama fedha inayotoka, kisha ndipo hundi huchunguzwa: saini, tarehe, kiasi, na salio lililopo. Ikikosa sifa, maandishi yale yale hugeuzwa na fedha hurudishwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo utaona mistari miwili yenye namba moja ya hundi na kiasi kimoja, mmoja DR na mwingine CR. Ioanishe mistari hiyo kwa kalamu, mmoja dhidi ya mwingine, kisha uiache. Kitu pekee cha kuhakikisha ni kwamba kila DR ya 3,400,000 ina CR yake. Yako ipo yote miwili, kwa hiyo hapo hujapoteza kitu.

Mstari unaofuata, `UNPAID CHQ CHG`, ndio ada yenyewe ya hundi iliyokataliwa. Benki yako inakutoza wewe uliyeandika hundi, si yule aliyeileta, kwa sababu kwa masharti uliyosaini ulipofungua akaunti uliahidi kutoandika hundi ambayo akaunti haiwezi kuilipa. Kiasi hutofautiana baina ya benki na benki, na mara nyingi hata baina ya aina ya akaunti. Yako ni 100,000, nayo lazima ionekane kwenye orodha ya ada ya benki. Iombe orodha hiyo tawini uone kwa macho yako. Kama orodha inasema kiasi kidogo kuliko ulichokatwa, hapo una dai la moja kwa moja.

Kisha kuna `EXCISE DUTY`. Huo ni ushuru wa bidhaa, na benki haibaki nao, inaupeleka Mamlaka ya Mapato Uganda. Kwa Sheria ya Ushuru wa Bidhaa, ada za benki, zikiwemo ada za kuendesha akaunti, za kutoa fedha na za miamala mingine, hutozwa asilimia 15. Ndiyo maana kila ada inapotokea kwenye taarifa yako, hufuatwa na mstari mdogo: 100,000 inazaa 15,000, na 10,000 inazaa 1,500. Unaweza kuupima mwenyewe kwa simu: chukua ada, zidisha kwa 15, gawanya kwa 100. Ukipata kiasi tofauti na kilichoandikwa, ama kuna ada nyingine iliyojificha mahali fulani, ama kuna kosa. Jambo moja zaidi kuhusu ushuru huu: ada zinazohusu mikopo hazimo. Siku ukiona ushuru wa asilimia 15 umekatwa juu ya riba ya mkopo au ya ovadrafti, usinyamaze, uulize.

Hiyo `LEDGER FEE` ya tarehe 28 ni ada ya mwezi ya kuendesha akaunti. Imekaa karibu na mengine tu, haina uhusiano na hundi namba 000214. Ukiiondoa pamoja na ushuru wake, hundi imekugharimu 230,000.

Sasa tufike kwenye swali ambalo naona lina uzito zaidi, nalo ni kwa nini hundi ilidunda wakati salio lilikuwa 3,500,000. Angalia mstari wa kwanza kabisa. Tarehe 9, Jumatatu, uliweka hundi ya 1,200,000 uliyolipwa na shule. Benki iliiandika kwenye akaunti yako mara moja, na ukiuliza salio kwa simu ulionyeshwa 3,500,000. Lakini hundi ya shule nayo ilikuwa bado safarini kwenda benki ya shule, na hakuna aliyejua kama ingelipwa. Mpaka benki ya shule ikubali, ile 1,200,000 ni maandishi tu. Fedha uliyokuwa na uwezo wa kuitumia ni 3,500,000 ukiondoa 1,200,000, yaani 2,300,000. Hundi yako ya 3,400,000 ilipofika Jumanne tarehe 10, ilikosa 1,100,000.

Benki nyingi huonyesha masalio mawili, moja likiitwa `LEDGER BALANCE` na jingine `AVAILABLE BALANCE`. La kwanza linahesabu kila kilichoandikwa, la pili linahesabu kile tu unachoweza kutoa leo. Anayeandika hundi aangalie la pili peke yake. Mwanzo wa muhula, shule zinapolipa kwa hundi na wauzaji wa jumla nao wanataka chao haraka, hapo ndipo masalio haya mawili huachana kwa mamilioni, na wenye maduka kama lako ndio huumia. Nilipokuwa nafanya kazi kwenye dawati la hundi, tulijua shule zikifunguliwa simu zitalia.

Na tarehe 13? Hapa naomba unifuate polepole, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo karani tawini hatakueleza usipomwuliza. Hundi ya shule ililipwa, kwa hiyo ile 1,200,000 ikawa fedha kamili. Kama benki isingekukata chochote tarehe 10, ungekuwa na 3,500,000 na hundi yako ingelipwa, ikabaki 100,000. Lakini tarehe 10 ulikatwa 100,000 na 15,000. Salio likawa 3,385,000. Muuzaji akaipeleka hundi mara ya pili, na hundi inadai 3,400,000. Ulipungukiwa 15,000 tu, kiasi kile kile cha ushuru wa ada ya kwanza. Ada ya kwanza ndiyo iliyoidundisha hundi mara ya pili, na kudunda huko kukazaa ada nyingine na ushuru mwingine. Salio likashuka hadi 3,270,000.

Huenda unauliza kwa nini muuzaji aliruhusiwa kuirudisha. Hundi haifi kwa kukataliwa kwa ukosefu wa fedha. Mwenye nayo anaweza kuipeleka tena ilimradi muda wake haujapita, na kwa desturi ya benki zetu hundi huishi miezi sita tangu tarehe iliyoandikwa. Hana wajibu wa kukupigia simu kwanza. Na kwa kompyuta ya benki, kila inapofika ni tukio jipya lenye ada yake. Kwa hiyo ada mbili kwa hundi moja si lazima liwe kosa. Kosa ni ada mbili kwa kufika mara moja. Namna ya kutambua ni rahisi: hesabu mistari ya `INW CLG`, yaani ya hundi kufika kwenye benki yako, yenye namba hiyo ya hundi, kisha hesabu mistari ya ada. Namba hizo mbili lazima zilingane. Kwako ni mbili kwa mbili.

Je, una la kudai? Nionavyo mimi, unalo, ila inategemea kitu kimoja usichonitumia. Kwenye taarifa kamili ya akaunti kuna safu mbili za tarehe. Moja ni siku muamala ulipoandikwa. Nyingine, inayoitwa `VALUE DATE`, ni siku ambayo fedha ilianza kuhesabika kuwa yako. Angalia `VALUE DATE` ya ile 1,200,000 ya shule. Kama ni tarehe 11, basi benki ilikuwa sahihi tarehe 10: fedha haikuwa tayari. Uliweka hundi Jumatatu, na ikiwa uliiweka alasiri baada ya muda wa mwisho wa kupokea hundi za siku hiyo, huhesabika kana kwamba umeiweka Jumanne, kwa hiyo majibu yakaja Jumatano. Lakini kama `VALUE DATE` ni tarehe 10, uliza kwa nini fedha iliyohesabika kuwa yako siku ile haikutumika kulipa hundi iliyofika siku ile ile. Kama benki haina jibu la maana, ada ya kwanza ilikuwa kosa, na ada ya kwanza ikianguka, ya pili inaanguka nayo, maana bila ya kwanza hundi ingelipwa tarehe 13. Hapo unadai 230,000 zote.

Kitu kingine cha kuomba ni sababu ya kukataliwa, kama ilivyoandikwa, kwa kila tarehe. Hundi inaporudishwa, benki yako huandika sababu, na sababu hiyo ndiyo aliyoonyeshwa muuzaji. `EFFECTS NOT CLEARED` maana yake fedha imeingia ila bado haijakamilika. `INSUFFICIENT FUNDS` maana yake fedha haipo. `REFER TO DRAWER` humwambia aliyeleta hundi arudi kwa aliyeiandika, na mara nyingi nyuma yake kuna ukosefu wa fedha. Halafu kuna sababu za maandishi, kama vile maneno na tarakimu kutofautiana au saini kutofanana. Benki nyingine hutoza ada tofauti kwa sababu za maandishi na kwa ukosefu wa fedha, kwa hiyo sababu iliyoandikwa vibaya inaweza kukukata zaidi ya inavyostahili.

Sababu hiyo ina uzito hata nje ya ada. Sheria ya Taasisi za Fedha ya mwaka 2004 inaitaka benki kuripoti kwenye ofisi ya taarifa za mikopo wateja ambao hundi zao zimedunda kwa kukosa fedha. Ukienda kuomba mkopo wa muhula ujao, ofisa atalisoma jina lako humo. Kwa hiyo kama tarehe 10 iliandikwa kwamba huna fedha wakati ukweli ni kwamba hundi ya shule ilikuwa safarini, iombe benki irekebishe maelezo hayo, hata ikikataa kurudisha ada.

Andika barua, usiende kulalamika kwa mdomo pale kaunta. Weka namba ya akaunti, namba ya hundi 000214, tarehe mbili za kukataliwa, na mistari uliyoipinga kama inavyosomeka. Omba sababu ya kila kukataliwa na `VALUE DATE` ya hundi ya shule. Kama benki ilikuwa sahihi mara zote mbili, bado waweza kumwomba meneja akusamehe ada ya pili, kwa maelezo kwamba ulipungukiwa 15,000 zilizotokana na ushuru wa ada yao ya kwanza. Hilo ni ombi, si haki, lakini mameneja wana mamlaka ya kurudisha ada, na mteja ambaye akaunti yake inaonyesha fedha za shule zinaingia kila muhula husikilizwa. Baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Benki isipokujibu, au ikijibu jambo ambalo halikuridhishi, malalamiko hayo hayo unaweza kuyapeleka Benki Kuu, ambayo ina miongozo ya kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha tangu 2011. Watataka kuona kwamba ulianza na benki yako.

Wakikubali kurudisha, angalia wanarudisha nini. Nimeona mara nyingi ada ya 100,000 ikirudi na 15,000 ya ushuru ikisahaulika, kwa sababu ni mistari miwili na karani amegeuza mmoja. Ada ikifutwa, ushuru uliokatwa juu yake hauna msingi tena. Kila 100,000 inayorudi lazima ije na 15,000 yake.

Muuzaji wako naye anaweza kukuambia benki yake imemkata, akataka umfidie. Hilo halimo kwenye taarifa yako na halitakuwemo, maana ni akaunti yake na benki yake. Mwombe akuonyeshe mstari wenyewe, kisha mkubaliane kama watu wa biashara.

Kinachonitia wasiwasi zaidi leo ni kwamba hundi bado iko mkononi mwake. Baada ya ada ya mwezi na ushuru wake, salio lako ni 3,258,500. Akiipeleka kesho, utapungukiwa 141,500, utakatwa 115,000 nyingine, na salio litakuwa 3,143,500. Tena, kuandika hundi isiyo na fedha kunaweza kuwa kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu ya Uganda, na mtu aliyerudishiwa hundi moja mara tatu ana sababu nzuri zaidi ya kwenda polisi kuliko aliyerudishiwa mara moja. Usijaribu kuizuia hundi benki ili tu ukwepe ada. Kuizuia nako kuna ada yake na ushuru wake, na deni linabaki pale pale.

Mpigie simu leo, kabla hujaandika barua ya benki. Mwambie asiipeleke. Kama anakubali kulipwa kwa njia nyingine, mtumie 3,400,000 moja kwa moja kutoka akaunti yako kwenda yake, ukishaongeza kiasi kinachopungua pamoja na ada ya kutuma, na umtake airudishe hundi halisi ya karatasi mikononi mwako, siyo ahadi kwamba ataichana. Ikishakufikia, iandike kwamba imefutwa, uikunje na kuiweka pamoja na risiti ya malipo. Kama anang'ang'ania hundi ile ile, weka angalau 150,000 taslimu tawini, subiri mpaka `AVAILABLE BALANCE` ipite 3,400,000, ndipo umwambie siku ya kuipeleka. Kabla hujaondoka pale tawini, hakikisha namba ya simu waliyo nayo ni unayoitumia sasa. Mara nyingi ofisa wa dawati la hundi humpigia mteja anapoona hundi imepungukiwa kidogo, wakati bado kuna saa chache za kuongeza fedha kabla ya kuirudisha, na upungufu wa 15,000 ni wa aina hiyo kabisa.